Kutoka Haiko Kutoka

Weye, ulisha kutoka mu nyumba ya mutu, ukafika kwako, ukakaa, ukakula, kumbe kule ulitoka sauti yako inabakia inasema? Miye ilinifikia. Na haikukuwa mu nyumba moja. Ilikuwa fasi ine, na miye mwenyewe nilikuwa fasi ya tano, nakaanga samaki, sijui kitu.

Bon, nianzie mbele, juu mujukuu yangu ananiambiaka, «Koko, unaanzia mu tumbo ya hadisi.»

Kwetu mu famille, jina ya mutoto iko na njia yake. Koko, mama ya mama ya mutoto, njo anatosha jina, anamwambia mama ya mutoto mu sikio. Mama anamwambia baba ya mutoto mu sikio. Baba anakaa nayo kimya mpaka siku ya kutosha mutoto inje, pale watu wote wamekaa, anaitaja na nguvu mara moja. Basi. Kama jina inasikilika ku njia mbele ya ile siku, tunasema jina imetembea. Na jina yenye imetembea hatuitie mutoto. Tunatafuta ingine.

Binti yangu wa mwisho alizaa kule Basoko, fasi bwana yake anafanya kazi. Mutoto mwanamuke. Nilifurahi mpaka nikachoma samaki. Na jina nilikuwa nayo tangu zamani: ile ya dada yangu mudogo, mwenye alikufa kijana, hakuacha mutoto hata mumoja. Ile jina nilikaa nayo mu kifua miaka mingi, kila mutoto anazaliwa ni mwanaume, mwanaume, mwanaume. Sasa yake ilifika. Lakini bokilo yangu, mama ya bwana ya binti yangu, mwenye anaishi hapa Kisangani, yeye pia alikuwa na jina tayari. Aliniambia na meno inje, kama mutu anacheka:

«Mama, jina ni yenu, sikatae, ni desturi yenu. Lakini nasikia ikitembea, munaiacha, si vile?»

«Ni vile.»

«Basi miye naweka yangu karibu.»

Unasikia ile maneno? Mutu anangojea ukwae.

Basoko ni mbali, ni mutumbwi ya motere siku mbili tatu, na miguu yangu haitake tena mutumbwi. Njo nikasema, nitatumia sikio ya simu. Simu yangu ni ya kugusa, watoto walinipa. Miye sikusoma sana, nilifikia mwaka wa pili, mama akanitosha juu ya samaki. Lakini mu ile programu ya kutumiana sauti na picha hakuna haja ya kusoma. Unafinya, unasema, unaachilia, inaenda. Watu wa kunijua wanasema miye nilizaliwa juu ya ile kitu. Nilitumia wajukuu hadisi mingi kwa sauti, ile ya nyani na moto, ile ya mama mwenye aliolewa na mamba, yote.

Siku ya pili ya juma nikaingia mu chumba, nikafunga mulango, nikafunga na dirisha, nikafinya. Nikasema jina pole pole, mara mbili. Nikaachilia. Ikaenda. Binti yangu akanijibu ku kesho yake, alipopanda fasi ya reseau, kule simu inashika: «Mama, nimesikia. Nimemwambia baba yake. Asante.» Nikalala muzuri kama mutu amelipa deni.

Siku ya ine asubui niko ku soko. Miye nauzisha samaki ya kukausha, na pembeni yangu kuko mama mwenye anauzisha kwanga, ile mikate ya muhogo. Tumekaa pamoja miaka, tunagawana hata kivuli. Anafungua bashi lake la plastiki, anapanga kwanga yake, ananiangalia, anatabasamu.

«Koko, félicitations kwa mutoto. Na jina ile, nzuri sana.»

Na akaitaja. Pale. Katikati ya kwanga.

Nilifanya kama nafukuza nzi. Alafu nikaanza kufikiri. Nani mwenye alisema? Watu watatu tu njo wanajua: miye, binti yangu, bwana yake. Miye sikusema. Bwana ya binti yangu, huyu hata salamu anatosha kwa taabu. Donc ni binti yangu. Alimwambia rafiki, rafiki akapigia mutu wa hapa simu, akasema. Nikahesabu: kesho ni siku ya tano, na kila siku ya tano bokilo yangu anakuja ku meza yangu kununua samaki. Siku ya posho, kesho yake, bato inafika na mutoto. Siku ya mungu, kiisha misa, wanamutosha inje. Donc kama ile jina inafikia bokilo kesho, imekwisha. Dada yangu anakufa mara ya pili.

Sikukaa. Nilifunga meza mbele ya saa sita, kitu yenye sifanyaka hata mvua inanyesha. Mu njia nikafinya simu, nikamtumia binti yangu sauti. Sitarudilia yote nilisema. Nilimwambia kama mudomo yake ni kikapo bila chini. Nilimwambia kama sitakuja ku feti ya mutoto. Ikaenda. Na kule, kimya. Hajibu. Nilikuwa naangalia ile simu, naweka mu pagne ya kiuno, natosha, naangalia, naweka. Nyumba nzima nilitembea kama kuku inatafuta fasi ya kutaga.

Sasa mujukuu yangu mukubwa, binti ya mutoto yangu wa kwanza, anaishi na miye tangu mudogo. Alimaliza masomo ya kufundisha, wakamupa darasa Bengamisa, anaenda kuanza. Ile siku alikuwa anapanga vitu. Amenunua ordinatere moja, kompyuta ya kubeba, yenye ilisha kutumiwa, anaifutafuta kama mutoto.

«Koko, leta simu. Nataka niunganishe ordinatere yangu na simu yako, hadisi zako zote ziingie hapa. Nitawasikilizisha watoto mu darasa.»

Nikamupa. Mawazo yangu haikuwa pale. Akafinya finya, akakaribisha simu ku macho. Akafinya tena.

«Koko, inakataa.»

«Inakataa nini?»

«Inasema limite. Simu yako inaweza kubeba vyombo ine pembeni yake. Ine tu. Na ine yote imejaa. Ya tano haiingie mpaka moja itoke.»

«Vyombo gani? Miye niko na simu moja na sufuria.»

Akageuza simu, akanionyesha. Kulikuwa liste. Ordinatere. Ordinatere. Ordinatere. Tablette. Na chini ya kila moja, saa yenye ilitumika ya mwisho. Moja ilikuwa inasema leo asubui. Leo asubui miye nilikuwa ku soko na simu ilikuwa mu pagne yangu.

«Koko, hawa ni nani?»

«Nitajua namna gani? Labda wanaishi mule mu simu.»

«Ulisha kuonyesha simu yako ku mashine ya mutu? Kile kikare, kile kimraba chenye madoa madoa, unaweka simu mbele yake, simu inakiangalia?»

Ah, ile. Ile nilifanya. Ku secrétariat kule karibu na soko, fasi wanapiga fotokopi, papa mumoja wa Butembo njo mwenyewe. Nilienda kutosha picha za mutoto ku karatasi. Papa akaniambia nielekeze simu ku kikare. Picha zikatokea ku mashine yake kubwa. Nikarudi tena siku ingine na picha zingine, mashine ile ilikuwa na mutu, akanipeleka ku mashine ya pili, tena kikare. Alafu mutengenezaji wa simu, siku kioo ilipasuka, alitaka kuchunga picha zangu: kikare. Na mama mukubwa wa chorale, juu ya ile sauti ya wimbo tulijifunza: kikare ku tablette yake. Miye nilifikiri ni kusalimia. Mashine inakuona, unaiona, munajuana, unaenda.

«Na kiisha, koko, ulitoka?»

«Nilitoka, ndiyo. Ningelala kule?»

«Hapana, nauliza kama ulitoka.»

«Nilitoka, mama. Nilirudisha hata kiti. Nilimwambia papa asante, nikafunga mulango juu ya vumbi.»

Mujukuu yangu akakaa chini. Akaanza kucheka, alafu akaona sura yangu, akaacha.

«Koko, weye ulitoka. Simu yako haikutoka. Kutoka ya mashine ni kufinya ile neno, kutoka, ku mashine yao ao ku simu yako. Kama haukufinya, mulango imebakia wazi. Kila sauti unatuma, kila sauti unapokea, inaingia kwa wale wote ine. Hata simu yako iko ku nyumba. Hata imezimika.»

Hapo nikakaa na miye. Siku ya pili nilikuwa nimefunga mulango, nimefunga na dirisha, na sauti yangu ilitoka, ikapita fasi ine, ikasema jina ya dada yangu mbele ya mashine za watu. Na miye nimetukana mutoto yangu.

«Mule mashine,» nikauliza, «mutu anaweza kufinya na kusikia sauti yangu?»

«Kama hawakufunga, ndiyo.»

«Nakwenda.»

«Koko, haina haja ya kwenda. Naweza kuwafukuza wote kutoka hapa, na kidole.»

Ile sikuamini. Mulango iko ng'ambo ya soko, weye uko mu nyumba yangu ku kiti, utaifunga na nini? Nikamwambia: «Bakia na simu. Miye nakwenda kusimama mbele yake. Nataka nione na macho.» Nikapanda moto, pikipiki ya kulipa, nikamwambia kijana apige mbio, alafu nikamwambia apunguze, alafu nikamwambia kwa nini anapunguza. Akaniuliza kama nakwenda ku hospitali.

Papa wa secrétariat alikuwa anapanga karatasi. Ni mutu wa heshima, anavaa shemizi ya kufunga mpaka juu.

«Mama, karibu. Picha tena?»

«Papa, niko mule mu mashine yako?»

Hakusikia muzuri. Nikamwelezea. Akaenda ku mashine ya kwanza, akafunguafungua, pa, niko pale. Sura yangu ndogo ku kona, na foulard ya Pasaka ku kichwa. Maneno zangu zote. Binti yangu. Picha ya mutoto, na chini ya picha, ile alama ya sauti, yenye jina iko ndani. Na chini yake, ile ya matusi yangu ya leo, nayo ilifika pale mbele ya miye. Nilipata haya kama mutu anaona nguo zake za ndani ku kamba ya jirani.

Papa akafuta jasho. «Pardon, mama. Wateja wengi, tunafungua, tunasahau. Ilikuwa niwaambie, ao nitoshe miye mwenyewe. Ni kosa yetu.»

«Nani alikaa hapa?»

«Wengi. Leo asubui sana ni mama yako wa kwanga, alikuja na karte yake ya électeur, ile ya kupiga kura, fotokopi.»

Basi. Nikaanza kuona muzuri.

Papa alitaka afinye ile kutoka pale pale. Nikashika mukono yake. «Acha, papa. Mupigie mujukuu yangu. Nataka aifunge kutoka kule.» Akacheka kidogo, akamupigia, akanipa simu ku sikio.

«Uko wapi?» nikamuuliza.

«Ku kiti, koko. Ile ile.»

«Finya.»

«Ile yenye inasema leo asubui?»

«Finya hiyo.»

«Nimefinya. Inaniuliza kama ni kweli.»

«Mwambie ni kweli sana.»

Niliangalia kioo. Sura yangu ilikuwa pale, na foulard. Nikahesabu moja, mbili. Alafu yote ikaanguka mara moja. Picha, mutoto, sauti, matusi, yote. Kikabakia kile kikare cha madoa, kinangojea mutu mwingine. Papa naye alikuwa ameinama kuangalia, mukono ku kidevu.

«Ilitoka,» nikamwambia mujukuu.

«Sasa uko kule ao hauko?»

«Miye niko. Simu njo haiko tena.»

Akacheka mpaka papa akasikia. Tukafunga na mashine ya pili vile vile, alafu akafinya ya mutengenezaji, alafu tablette ya mama wa chorale. Ile ya mwisho nilisikitika kidogo, juu wimbo ilikuwa nzuri, lakini nikasema mama wa chorale atakuja kuomba tena, na mara hii atatoka mbele yangu. Ine yote, kabla ya kulamba kijiko. Miye nilipanda moto bure, sijutie. Mutu anapaswa kuona mara moja.

Lakini roho haikutulia. Mulango imefungwa, ndiyo, na jina iko ku mudomo ya mutu. Ile haina kifungo. Ile siku sikukula. Nilimtumia binti yangu sauti ingine, nikamwambia: futa ile ya kwanza, usisikilize, mama yako alipanda moto bila kichwa. Hajibu. Kule mu bato labda ilikuwa mvua, labda ilikuwa hasira. Sikujua, na hiyo ilikuwa inanikula.

Siku ya tano nikafika ku soko mbele ya kwanga kufika. Alipofika, nikamukokota pembeni.

«Mama, ile jina. Ulipata wapi?»

Akashangaa. «Si weye uliniambia?»

«Miye?»

«Ku mashine ya papa. Nilikaa ningoje fotokopi. Naona sura yako, naona mutoto, nikasema, ah, koko ananiita. Nikagusa, ukasema na miye. Mara mbili ulisema. Nikafikiri unataka nishike muzuri.»

Ningefanya nini na mutu kama huyu? Nikacheka, na machozi nayo ikakuja. Nikamwambia yote, jina, dada yangu, bokilo, siku ya mungu. Akaweka mukono ku mudomo.

«Ulimwambia mutu?»

«Hakuna. Bwana yangu hasikiaka hata akiitwa kukula. Lakini koko, huyu bokilo yako si ni ule anakuja hapa kila…»

Hakumaliza. Bokilo alikuwa anakuja, na kikapo ku mukono, anasalimia meza kwa meza. Akafika. Akagusa samaki, akanusa, akarudisha, akashika ingine.

«Mama, mutoto anafika kesho,» akasema. «Jina iko?»

«Iko.»

«Haijatembea?»

Niliangalia samaki. Mama wa kwanga akakuwa anapanga kwanga yenye ilisha kupangwa. Alafu akainua kichwa, akasema na sauti ya kawaida kabisa:

«Mama, hata sisi hapa tumemuchokoza koko juma nzima atuambie, anakataa. Miye nimekaa na yeye pembeni, na sijue mutoto ataitwa nani. Labda atamwita Kwanga.»

Bokilo akacheka. Kweli alicheka. Akalipa samaki yake, akaenda. Tukabakia sisi wawili, hatuangaliane. Nikamupa samaki mbili kubwa. Akanipa kwanga ine. Hatukusema tena ile maneno, mpaka leo.

Unaniuliza kama jina ilitembea? Nilijiuliza vile. Ilitembea kutoka mashine mpaka ku sikio ya mutu mumoja, na ikalala pale. Nikasema mu roho, dada yangu alikuwa na rafiki mumoja tu mwenye alichunga siri zake, na ni miye. Sasa ako na wawili. Kama nilikosea, Mungu ataniambia.

Siku ya posho bato ikafika. Binti yangu akashuka na mutoto mu mugongo. Akaniangalia.

«Mama, mu bato hatukukuwa na reseau tangu siku ya tatu. Uliniandikia?»

«Hapana,» nikasema. «Nilikusalimia.» Na kabla hajatosha simu yake mu kisakoshi, nikamuomba aipatie mujukuu yangu, afute sauti mbili za koko, juu zilijaa upepo tu. Mujukuu alifuta, hakucheka, alinikanyaga mguu.

Siku ya mungu baba ya mutoto akasimama, mutu wa maneno kidogo, akataja jina na nguvu, mara moja. Watu wakapiga makofi. Bokilo yangu akapiga vigelegele mbele ya wote, hiyo pia niseme ukweli. Na miye nilikaa, nikasikia jina ya dada yangu inapita juu ya vichwa, mu jua, bila mashine.

Ku kesho yake mujukuu yangu anaenda Bengamisa. Asubui akafungua ordinatere yake ku meza, kikare kikatokea. Nikaelekeza simu. Simu ikaomba kidole yangu, ikakataa, juu kidole ilikuwa na mafuta ya samaki. Nikaosha na ndimu. Ikakubali. Hadisi zikaanza kuingia, moja moja, ya nyani, ya mamba. Nikaangalia liste: chombo kimoja tu, chake.

«Na weye utatoka siku gani?» nikamuuliza.

«Siku utaniambia. Lakini koko, sikia. Fungua simu yako kila siku, hata kidogo tu. Juu kama simu yako inalala juma mbili bila kufunguliwa, mashine yangu itanitosha yenyewe, bila kuniuliza.»

«Na ikikutosha?»

Alikuwa anafunga sanduku. Akasimama, akaniambia bila kucheka:

«Siku mashine itanitosha, koko, sitapiga simu, sitaandika. Nitafunga darasa, nitapanda moto ya kwanza yenye inashuka Kisangani, na nitakuja kuona miye mwenyewe kama weye haukutoka.»